Shosho akipaliwa, wacha kumkimbizia maji

Wasee, najua wengi mtakataa hii, lakini wacha niiseme. Ile glasi ya maji tunamkimbizia shosho akikohoa mezani, mara nyingi ndiyo inamzidishia.

Kwetu tuliifanya karibu mwaka mzima. Shosho alipata kiharusi, mkono ukarudi, mguu ukarudi, tukasema amepona. Lakini kila jioni akila anakohoa. Mathe anamwambia, "Mama, kula pole pole," na mimi huyo jikoni kuleta maji. Akinywa, kikohozi kinaongezeka na sauti inatoka kama ya mtu ameweka maji kooni. Kifua kikamlaza mara tatu. Sisi tukalaumu baridi ya Julai!

Kumbe ukimeza, njia ya hewa inafaa kujifunga kwa muda mfupi sana. Kiharusi, Parkinson au ugonjwa wa kusahau unaweza kuchelewesha hiyo kazi. Maji ni mepesi, yanateleza haraka, yanafika kabla koo halijafunga, na yakiingia kwa mapafu yanaweza kuleta nimonia. Na kuna wazee hawakohoi hata kidogo. Kwa hao, sikiliza sauti ya majimaji baada ya kula, na uangalie kama wanapungua uzito.

Aliyetufungua macho ni mtaalamu wa usemi. Ndio, hao pia hupima kumeza. Alimpa shosho maji kwa kijiko, kisha uji mzito, akisikiliza sauti kila mara. Uji ulishuka poa. Githeri akaikataza kwa sababu ya maganda ya mahindi na maharagwe. Hata vipande vya nyama ndani ya supu nyepesi ni shida: unapotafuna nyama, supu imeshatangulia kooni.

Siku hizi shosho anakula viazi na malenge vilivyopondwa, na nyama ya kusaga kwa rojo zito. Mimi hupima kwa uma: nikibonyeza, chakula kipondeke bila nguvu na kisirudi kama sponji. Vipande vyake vipite katikati ya meno ya uma. Anakula akiwa ameketi wima, si kitandani, na anabaki hivyo nusu saa. Chai yake tunaizidisha uzito kwa unga maalum tulioelekezwa, lakini haipendi, kwa hivyo lazima tuangalie asipunguze kunywa. Usimwanzishie wako kwa kukisia, apimwe kwanza.

Akikohoa kwa nguvu, mwache akohoe. Akishindwa kukohoa, kuongea au kupumua, hapo amekabwa. Muinamishe mbele, mpige mara 5 katikati ya mabega kwa kiganja. Ikikataa, simama nyuma yake umkumbatie, umsukume tumbo mara 5 juu ya kitovu, kwa ndani na juu, ukirudia zamu hizo huku mwingine akiita ambulensi.

Jumapili bado anaulizia chapati. Hiyo vita sijashinda.