Likasi: Mgonjwa si mtoro, lakini amjulishe shefu mapema

Katika viwanda na maduka ya Likasi, ugomvi kuhusu likizo ya ugonjwa mara nyingi hautokani na ugonjwa wenyewe. Chanzo chake ni ukimya wa siku ya kwanza.

Chukua mfano wa karani wa depo anayeamka Jumatatu na homa kali. Anakwenda hospitali, anapewa repo ya siku tatu, anarudi nyumbani na kulala. Alhamisi anafika kazini na karatasi mkononi, lakini shefu amekwisha kumwandikia barua ya kumtaka ajieleze. Ugonjwa ulikuwa wa kweli, cheti pia ni cha kweli, ila kwa siku tatu kazini walimhesabu kuwa mtoro.

Sheria ya Kazi ya Kongo ya mwaka 2002 inamlinda mgonjwa. Ugonjwa unasimamisha mkataba, hauuvunji, na katika muda huo mfanyakazi ana haki ya theluthi mbili za mshahara wake. Mwajiri hawezi kuvunja mkataba kwa sababu ya ugonjwa kabla ya miezi sita mfululizo kupita. Lakini ulinzi huo unahitaji ushahidi, na ushahidi una saa na tarehe.

Karani huyo angetuma ujumbe kabla ya saa ya kuanza kazi, mambo yangekuwa mengine: "Jambo shefu. Nina homa kali, naenda hospitali, leo sitafika. Lori la saruji linafika saa nne. Bono ya kupokea iko kwenye droo ya kwanza, ufunguo wa depo uko kwa mlinzi. Mwenzangu wa zamu anaweza kulipokea. Nikitoka kwa daktari nitatuma cheti." Maneno hayo yanatosha. Ripoti ya mwezi na hesabu ya mali zinaweza kumsubiri.

Jioni anatuma picha ya cheti, na karatasi yenyewe inapelekwa na ndugu kwenye ofisi ya wafanyakazi. Kabla ya hapo aikague: jina lake kamili, tarehe ya kuanza na ya kumaliza repo, saini ya daktari na muhuri. Cheti kinachosema "apumzike" bila tarehe ndicho kinacholeta mabishano. Jina la ugonjwa si lazima liwemo, kwa kuwa hiyo ni siri ya mgonjwa na daktari. Ndugu arudi na nakala iliyosainiwa na aliyepokea.

Mashefu nao wana sehemu yao. Kukabidhi kazi ya haraka ni msaada, si sharti la kuruhusiwa kuugua. Aliyepoteza fahamu usiku hawezi kuandika ujumbe; mkewe akipiga simu, inatosha. Na shefu akishajua ufunguo uko wapi, amwache mgonjwa alale. Kumpigia mara kumi kwa siku ni kumrudisha kazini akiwa kitandani.