Namba ya Simu Si Kitasa

Binamu yangu ni mwalimu wa skuli hapa Gando na ndiye mshika fedha wa mfuko wa maji wa kijiji chetu. Alhamisi moja baada ya magharibi simu yake ilipoteza mtandao. Hakushituka. Huku kwetu mnara kuzimika ni jambo la kawaida, na mtu hungojea tu. Akaenda msikitini, akarudi, akalala. Asubuhi ya Ijumaa ndipo mkewe, mwenye laini ya kampuni ile ile, alipopigiwa simu na jamaa wa Unguja kumuuliza kwa nini mumewe anaomba pesa za matibabu usiku wa manane.

Hapo ndipo palipokuwa na dalili, nayo ilikuwa wazi kwa anayeijua: simu ya mkewe ilikuwa na mtandao, yake haina. Mnara ukizimika huzimika kwa wote. Laini moja ikifa peke yake huku jirani anazungumza, mtu asingoje asubuhi. Achukue simu ya mwengine saa ile ile, apige kampuni na aifunge laini.

Tulipokaa kuyafuatilia yaliyotokea, mambo yalijipanga yenyewe. Jumatatu alipigiwa simu na mtu aliyejiita mhudumu, akamwambia usajili wake una kasoro, akamtajia jina lake kamili na kumwomba namba ya kitambulisho. Akampa. Jumanne akapigwa na namba ngeni mbili zilizodai kumtumia pesa kwa makosa, naye kwa uungwana wake akazipigia kuuliza. Maana ya simu zile ni kwamba anayetaka kurinyu laini mara nyingi huulizwa namba alizozipiga karibuni. Mwizi alikuwa anajitengenezea majibu ya mtihani. Alhamisi laini mpya ikawashwa mahali pengine, ile ya Gando ikafa. Alama ya kidole ilipatikanaje? Kampuni haikutujibu, na wakala hakujulikana.

Lakini kisa changu si juu ya wakala. Kuna viongozi wetu wanaodhani kwamba tukishamkamata wakala mmoja mwovu tumemaliza. Laini za nchi hii zimesajiliwa kwa alama za vidole tangu mwaka 2019, na muda uliowekwa wa Desemba 31 ukasogezwa hadi Januari 20, 2020. Tulipanga foleni juani, tukabonyeza vidole. Zoezi lile lilikuwa na faida zake, na hata leo mtu akipiga *106# ataona laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake, jambo ambalo nawasihi wanafunzi wangu walifanye. Ila usajili hujibu swali la nani alipewa laini. Haujibu swali la nani anaweza kuihamisha.

Namba ya simu haikai ndani ya simu yako, wala ndani ya kadi. Kadi ina utambulisho wake, na kampuni ina daftari linalosema namba hii iende kwenye kadi ile. Kurinyu laini ni kubadilisha mstari mmoja katika daftari hilo. Kadi yako haiibwi wala haiguswi. Inaachwa tu mfukoni mwako ikiwa haina kitu. Anayeweza kuubadilisha mstari huo ni mhudumu wa dukani, wakala aliyeruhusiwa, au mtu atakayemdanganya mmoja wao. Ndiyo maana mwezi wa Agosti 2019 akaunti ya Jack Dorsey, mkuu wa Twitter wakati huo, ilitekwa kupitia namba yake ya simu. Mwenye mtandao wenyewe hakuokolewa na namba yake; mwalimu wa Gando aokolewe na nini?

Basi usiku ule mwizi alifungua ukurasa wa barua pepe ya binamu yangu, akabonyeza kuwa amesahau neno la siri, na tarakimu sita zikatumwa kwa ujumbe wa simu. Zikamfikia yeye. Na hili ndilo linaloniudhi zaidi: tahadhari nazo zilimfikia yeye. Ule ujumbe wa kwamba mtu mpya ameingia kwenye akaunti yako, ule wa kwamba neno la siri limebadilishwa, vyote vilitumwa kwa namba ile ile na kwa barua pepe ile ile iliyokwisha tekwa. Tumefunga kengele ya wizi kwenye ufunguo, kisha tukastaajabu kwamba aliyeuchukua ufunguo ameondoka na kengele.

Programu ya uthibitisho hufanya kazi kwa njia nyengine kabisa. Siku ya kuiunganisha, akaunti huonyesha mchoro wa miraba, simu inausoma, na ndani yake mna siri ndefu inayobaki pande mbili tu: kwenye kifaa chako na kwa mwenye huduma. Tangu hapo kila upande unachanganya siri hiyo na saa na kupata tarakimu sita zinazobadilika kila baada ya sekunde 30. Hakuna kinachopita kwenye mnara. Hufanya kazi hata ukiwa katikati ya mikoko pasipo mtandao, mradi saa ya simu ni sahihi. Mwizi akihamisha laini yako mara kumi hapati kitu, kwa kuwa siri haimo katika daftari la kampuni. Kadhalika ule ujumbe unaotokea kwenye skrini ukikuuliza kama ni wewe unayeingia: huenda kwa kifaa kilichosajiliwa, si kwa namba.

Sisemi kwamba njia hizi hazina tundu. Mtu anaweza kuandika tarakimu zake kwenye ukurasa wa uongo, nazo zikatumika sekunde ile ile. Mwaka 2022 kampuni ya Uber iliingiliwa baada ya mtu kubanwa kwa maombi ya kukubali hadi akakubali. Ndiyo sababu maombi yaliyo bora hukutaka uingize namba unayoiona kwenye skrini ya kuingilia. Na wapo wazee wetu wenye simu za kitochi, ambao kwao ujumbe wa simu ni bora kuliko kukosa kabisa. Hao siwalaumu.

Ninaowalaumu ni wenye ofisi. Taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, iliweka uthibitisho wa ujumbe wa simu katika kundi la njia zenye mipaka tangu mwaka 2017. Leo mtumishi wa umma anayeidhinisha malipo, mwenye simu ya kisasa mkononi, bado analazimishwa kungojea meseji, na mkuu wa kitengo anaandika kwenye ripoti kwamba mfumo una ulinzi wa ngazi mbili. Ngazi ya pili iko kwenye daftari la kampuni ya simu, mikononi mwa wakala asiyemjua.

Hata wanaojidai wamehama wengi hawajahama. Wanaweka programu, kisha wanaiacha namba ya simu kuwa njia ya akiba. Mwizi hahangaiki na programu. Anabonyeza “Try another way” na kuchagua ujumbe. Tulipoirejesha barua pepe ya binamu yangu, baada ya siku kumi na moja, kazi kubwa haikuwa kuweka programu, bali kuiondoa namba kila mahali ilipokuwa: kwenye hatua ya pili, na kwenye njia ya kurejesha akaunti. Kisha tukachapisha zile “Backup codes” kwa ajili ya siku simu itakapoanguka baharini, karatasi ikawekwa kwenye kasha la mamake pamoja na hati ya shamba la mikarafuu.

Fedha za maji hazikuguswa, kwa kuwa namba ya siri ya pesa hakumpa mtu. Jamaa wawili wa Unguja walikwisha tuma. Na benki inayotunza fedha hizo ingali inamtumia mshika fedha wetu tarakimu sita kwa meseji. Barua yetu ya kuomba njia nyengine ina mwezi wa tatu sasa mezani kwao.