Maiki ya Spaces si ya kila mtu, lakini foleni iwe wazi

Wasee, kuna kitu tunachanganya. Tunaingia Spaces za X tukidhani ni simu ya kikundi, halafu tunakasirika tukikosa kuongea. Simu ya kikundi ya WhatsApp inalia kwa kila mtu, na ukishika tu, maiki ni yako. Spaces hailii hivyo. Unaingia kimya kama msikilizaji, unabonyeza "Request", kisha unangoja mwenyeji akukubali. Wanaoweza kuwa na maiki kwa wakati mmoja ni 13 pekee: mwenyeji, wasaidizi wake 2 na wasemaji 10. Wanaosikiliza wanaweza kuwa maelfu.

Sasa piga hesabu. Kila mtu akipewa dakika 3, saa nzima ni watu 20 tu, na bado hujahesabu majibu. Ndiyo maana Julai 5, 2024, Rais Ruto alipoingia Spaces kujibu vijana baada ya maandamano ya Mswada wa Fedha, wengi wetu tulisikiliza tu.

Kwangu shida si uchache wa nafasi. Shida ni mwenyeji anayepandisha mabeshte zake wakae juu masaa mawili, na sisi hatujui foleni inasonga aje. Mwenyeji anayejua kazi anatangaza dakika mapema, na ukimaliza anakushusha ndio mwingine apande. Saa moja ikiisha na sauti bado ni zile zile, hilo si baraza, ni stori za mabeshte. Toka, fungua yako.