Sentensi moja, sura tatu

Haya ni kwa vijana wetu wa Mwakirunge wanaochambua plastiki jaani. Andika kwanza sentensi mama ya kujitambulisha: “Nachambua plastiki kwa aina na kuwauzia wenye viwanda.” Kwenye wasifukazi igeuze iwe “Mchambuzi wa plastiki”, kisha mwaka ulioanza na kilo unazouza kwa mwezi, mwajiri anataka ushahidi. LinkedIn sema “mimi”, na unachotafuta kikae mistari ya mwanzo, kwani mengine hufichika mpaka mtu abofye. Utambulisho wa Instagram ni herufi 150 tu, nafasi zikihesabiwa: “Plastiki safi, imechambuliwa. Mwakirunge. Wanunuzi, karibuni inboksi.” Lakini cheo kisibadilike jamani! Ukiwa mchambuzi huku na mkurugenzi kule, atakayefungua kurasa zote mbili atakuuliza wewe ni yupi.