TAARIFA YA KATIBU WA TAWI: NAFASI HAIFI MARA MBILI



Kwenye kikao kilichopita wengi mliuliza kwa nini Mtanzania anapunguzwa kazini, kisha baada ya muda mfupi anaonekana mgeni kwenye kiti kile kile. Naomba nieleze msimamo wangu, na mkiuafiki tuupeleke kata.

Tunapenda kuzungumzia idadi. Sheria ya Uwekezaji ya 1997 ilimpa mwekezaji mwenye cheti cha vivutio nafasi ya kuanza na wageni 5, na ile ya 2022 ikapandisha hadi 10. Idadi hiyo inahesabu wanaoingia tu. Haimuulizi mwekezaji nani alikuwa akifanya kazi hiyo kabla, na aliondokaje. Kwa maoni yangu, tundu liko hapo.

Chukueni mfano. Mhasibu mwandamizi wa kiwanda analipwa 1,560,000 kwa mwezi na amefanya kazi miaka 6. Anapewa barua kwamba kampuni inapunguza gharama na nafasi yake imefutwa. Kiinua mgongo kisheria ni mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, mwisho miaka 10. Kwa anayefanya kazi siku 6 kwa wiki, tunagawa mshahara kwa 26, tunapata 60,000 kwa siku. Siku 7 ni 420,000, na kwa miaka 6 ni 2,520,000. Anaondoka. Mwezi wa pili anakuja mgeni anayeitwa "Mshauri wa Fedha". Anaidhinisha malipo yale yale, anafunga hesabu za mwezi zile zile, na vijana wale wale wanaripoti kwake.

Sasa tazameni karatasi. Kwa Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni ya 2015, mwajiri anayemtaka mgeni huyo lazima aombe kibali kwa Kamishna wa Kazi na aonyeshe kwamba alitafuta Mtanzania mwenye ujuzi huo akakosa. Lazima pia awe na mpango wa urithishaji, yaani jinsi ujuzi wa mgeni utakavyohamia kwa Watanzania akiwa bado yupo. Kwa hiyo barua ya kwanza inasema kazi haipo, na ombi la pili linasema kazi ipo ila hakuna Mtanzania wa kuifanya. Zote mbili haziwezi kuwa kweli. Shida ni kwamba barua inabaki kwa mfanyakazi na ombi linabaki ofisini kwa Kamishna, hivyo hazikutani.

Pendekezo langu ni kuzikutanisha. Kila anayeomba kibali cha mgeni wa kuajiriwa aambatishe orodha ya waliopunguzwa katika idara hiyo ndani ya miezi 12, pamoja na majukumu yao. Majukumu yakifanana, kibali kisitolewe mpaka aliyepunguzwa aitwe kwanza. Na kwa kuwa kibali hutolewa kwa muda usiozidi miezi 24, kikirudi kuombwa upya, mpango wa urithishaji uonyeshe jina la Mtanzania anayefundishwa na amefika wapi. Mpango usio na jina la mtu haumrithishi yeyote.

Wapo watakaosema tunawafukuza wawekezaji. Sikubaliani nao. Mgeni mwenye ujuzi ambao kweli hatuna aje, na tujifunze kwake. Orodha ya waliopunguzwa haimgharimu mwajiri mkweli chochote zaidi ya karatasi moja.

Wakati tunasubiri hilo, mwanachama anayepunguzwa ajue mambo mawili. Kwanza, mwajiri anatakiwa kutoa notisi mapema, kueleza sababu na kushauriana nanyi au chama chenu cha wafanyakazi kabla ya kuamua. Msisaini makubaliano yoyote kwa haraka, maana ukishasaini kwamba mmekubaliana, mlango wa kudai unakuwa mwembamba sana. Pili, malalamiko ya kuachishwa isivyo halali yanapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Mgeni wa mfano wetu amekuja mwezi wa pili, siku 30 zimepita. Hapo unaomba Tume ikuongezee muda na ueleze sababu, na sababu nzito ni kwamba ushahidi umejitokeza baadaye. Usikae tena hata wiki.

Tunzeni barua ya ajira, orodha ya majukumu na tangazo lolote la kazi. Cheo kinabadilishwa kwa kalamu, lakini majukumu yanaonekana. Msiende getini kumzomea mgeni, kwa sababu hakujipa kibali mwenyewe.

Mwenye barua ya aina hii alete nakala kwangu kabla ya kikao kijacho, jina lake litahifadhiwa.

Katibu wa Tawi