Kuondoa Waya na Soketi katika Picha ya Ukuta

Katika miezi hii michache nimeletewa picha kadhaa na jamaa wa hapa Jeffersontown, na nyingine zimenifikia kutoka Columbus na Buffalo, zote zikiwa na ombi moja: "Mwalimu, tuondolee huu waya." Picha zenyewe ni nzuri, watu wamevaa kanzu na madira yao ya sikukuu, lakini nyuma yao pana soketi nyeupe, plagi nyeusi na waya unaoning'inia kama mjusi. Nimeona afadhali niieleze kazi hii hapa, ili kila mwenye kompyuta nyumbani aifanye mwenyewe.

Kwanza tusijilaumu kwa soketi hizo. Kanuni ya umeme inayofuatwa katika majimbo mengi ya nchi hii hutaka kwamba, katika vyumba vya kukaa na vya kulala, pasiwe na mahali katika urefu wa ukuta palipo mbali na soketi kwa zaidi ya futi 6. Kwa hiyo ukuta mrefu huwa na soketi kila baada ya futi 12 au karibu zaidi, na ni vigumu kuipiga picha familia nzima kwenye kochi pasipo kuikamata moja.

Ukuta wenye rangi moja bapa hausumbui. Taabu iko kwenye ukuta ambao mwanga wake hufifia taratibu, kama vile ulio na taa upande mmja na giza upande wa pili. Jicho la mwanadamu halioni kwa urahisi mng'ao unaobadilika polepole, bali huuona mara moja mpaka, hata ukiwa hafifu sana. Basi ukichukua kipande cha ukuta kutoka mahali penye mwanga zaidi na kukibandika juu ya soketi, utaondoa soketi na kuleta kiraka. Na kiraka humvuta mtazamaji kuliko soketi, kwa kuwa soketi ni kitu cha kawaida, na doa lisilo na sababu si la kawaida.

Nitatumia mfano wa picha moja niliyoitengeneza kwa idhini ya wenyewe. Ni picha ya bibi mmoja akiwa na wajukuu zake tisa siku ya Idi. Bibi alirejea Tanga na akafariki huko, na hakuna picha nyingine waliyomo wote. Wanawe walitaka kuichapisha kwa ukubwa wa inchi 16 kwa 20. Ukuta ni wa kijani chepesi. Juu kushoto pana taa ya ukutani ambayo waya wake huteremka wima hadi kwenye soketi. Na kulia pana soketi ya pili, ambayo ukingo wake unakaribia kugusa mkono wa kochi. Picha ina upana wa pikseli 4000 na inaonyesha kama futi 10 za ukuta, yaani takriban pikseli 33 kwa kila inchi.

Programu niliyotumia ni GIMP, ambayo haiuzwi, hupatikana bure. Hatua ya kwanza ni kunakili tabaka la picha kwa "Duplicate Layer" na kufanya kazi kwenye nakala tu. Wengine hupenda kuchora juu ya tabaka tupu, lakini chombo kiitwacho "Heal" huhitaji kuuona ukuta uliomo katika tabaka lile lile ili kiupatanishe. Kwenye tabaka tupu hakifanyi kazi ipasavyo.

Kabla ya kugusa chochote, utazame ukuta na ujiulize: ni sehemu zipi zenye mng'ao sawa? Waliosoma jiografia watakumbuka kontua za ramani, ile mistari inayounganisha mahali penye kimo kimoja. Mwanga wa ukutani nao una kontua zake. Katika picha yetu zinaizunguka taa kama mawimbi yanavyolizunguka jiwe lililotupwa kisimani. Waya unaoteremka wima chini ya taa unazikata kontua hizo karibu kwa pembe mraba, maana yake ni kwamba ukuta ulio kushoto au kulia mwa waya, katika kimo kile kile, una mng'ao ule ule. Huko ndiko pa kuchukua rangi. Ukiichukua juu ya waya utapata mstari mweupe, na ukiichukua chini utapata mstari wa kiza.

Tunaanza na waya, wala si soketi, na sababu yake nitaieleza punde. Chagua "Clone" yenye brashi laini ya pikseli 40 hivi. Waya wenyewe una upana wa pikseli 8, lakini usisahau kivuli chake, ambacho watu wengi hukiacha kikabaki ukutani bila mwenyewe. Katika "Alignment" chagua "Aligned", ili chanzo kiifuate brashi inaposhuka. Shikilia Ctrl na ubofye ukuta safi ulio pikseli 60 kando ya waya; kisha pitisha brashi juu ya waya, vipande vifupi vifupi, kutoka taa kuelekea chini. Ukifika katikati hamisha chanzo upande wa pili wa waya, ili chembe za picha zisijirudie kwa mpangilio unaotambulika. Endelea hadi ufikie soketi.

Sasa soketi iliyo chini ya taa. Hapa chombo ni "Heal". Chombo hiki hakibandiki rangi tu. Huchukua chembechembe za chanzo, kisha hutazama mng'ao wa ukuta unaoizunguka duara ya brashi, na kuueneza mng'ao huo kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, kama fundi anavyolivuta turubai likanyooka kati ya vigingi. Tafakari maana yake. Kama ukingo wote wa duara umelala juu ya ukuta safi, mfifio wa rangi utajengwa upya bila kasoro. Lakini kama ukingo unapita juu ya plagi nyeusi, weusi huo nao huhesabiwa kuwa ni ukuta, ukaenezwa ndani kama wino uliomwagikia karatasi. Ndiyo maana waliozoea kuisugua soketi kwa brashi ndogo, kidogo kidogo, huishia na wingu la kijivu. Na ndiyo maana waya hutangulia: ungebaki, ungeukata ukingo wa duara na kuuachia doa.

Basi brashi na iwe kubwa kuliko soketi, na kazi iwe ya mbofyo mmoja. Kifuniko cha kawaida cha soketi za nchi hii kina upana wa inchi 2¾ na urefu wa inchi 4½; katika picha yetu ni kama pikseli 92 kwa 150, na kutoka pembe hadi pembe ni pikseli 176. Nilichukua brashi ngumu ya pikseli 230, ili kila pembe ibakiwe na ukuta safi wa pikseli 27 hivi, kivuli cha kifuniko kikiwa ndani. Brashi iwe ngumu, kwa sababu brashi laini haifuniki sawasawa kandokando, na masalia ya kifuniko huonekana kama mzuka. Chanzo kiwe ukuta mtupu ulio karibu. Bofya mara moja. Usipopendezwa, rudisha kwa Ctrl+Z na ujaribu chanzo kingine. Usibofye juu ya kosa.

Soketi ya pili ndiyo iliyonipa kazi. Ilikuwa pikseli 15 tu kutoka kwenye kochi la kahawia, kwa hiyo hapakuwa na duara ambayo ingeifunika bila kuligusa kochi. Hapo "Heal" haifai, na inabidi mfifio uchorwe kwa mkono. Kwa "Free Select" nililizungushia eneo la soketi, nikiufuata ukingo wa kochi kwa makini. Nikafungua tabaka jipya. Kwa "Color Picker", nikiwa nimewasha "Sample average" yenye duara ya pikseli 10 ili nipate wastani badala ya chembe moja, nilichukua rangi ya ukuta juu kidogo ya soketi kuwa rangi ya mbele, na rangi ya chini yake kuwa rangi ya nyuma. Kisha kwa "Gradient" nikavuta mstari kutoka hapo nilipochukua rangi ya kwanza hadi pale pa rangi ya pili, "Dithering" ikiwa imewashwa. Pande zinazopakana na ukuta nikazipunguza makali kwa "Eraser" laini. Upande wa kochi sikuugusa.

Kiraka hicho kilikuwa na mng'ao sahihi lakini kilionekana kama plastiki, kwani ukuta halisi wa picha una chembechembe zitokanazo na kamera. Chembe hizo zina kazi nyingine pia. Picha ya kawaida ya JPEG ina ngazi 256 tu za mng'ao kwa kila rangi. Ukuta wetu ulishuka kutoka kama 225 karibu na taa hadi 170 karibu na sakafu, katika pikseli 1500: ni ngazi 55, kila moja na upana wa pikseli 27. Pasipokuwa na chembe ngazi hizo huonekana kama mistari ya mkeka. Basi nikaenda "Filters", "Noise", kisha "RGB Noise", nikaanza na kiasi kidogo cha 0.02 na kulinganisha na ukuta wa jirani, picha ikiwa katika ukubwa wa asilimia 100, mpaka sikuweza kuvitofautisha.

Usiliamini jicho lako lililochoka. Tengeneza tabaka la majaribio kwa "New from Visible", fungua "Curves", na uusimamishe mstari uwe mkali kama ngazi ya mnazi. Tofauti ndogo zitakuzwa, na kila kiraka kitajitokeza kama kisiwa. Mimi nilikuta kisiwa kimoja pale nilipohamisha chanzo cha waya, nikakiondoa kwa "Heal" kubwa. Ukiridhika, lifute tabaka hilo.

Hifadhi nakala ya XCF yenye matabaka yote, na ya kuchapisha uitoe kwa JPEG ya ubora wa 95. Ukiituma kwa WhatsApp itume kama hati, si kama picha, kwa kuwa mbano wake huzila chembe na mistari hurudi.

Kuna picha mbili ambazo sizipokei kwa kazi hii. Moja ni ya pasipoti, au ya bahati nasibu ya viza: Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani hairuhusu picha hizo kubadilishwa kwa kompyuta, na ombi linaweza kukataliwa. Simama mbele ya ukuta mweupe mwingine upigwe upya. Ya pili ni picha ya hali ya nyumba mnayoipanga. Soketi iliyovunjika siku mliyoingia ndiyo hoja yenu siku ya kudai amana, na faili lake la asili, pamoja na tarehe iliyomo, libaki kama lilivyotoka kwenye kamera.