Jasho la Maskati Likatwe Mara Ngapi?

Vijana wenzangu, Tanga hii kila mtaa una mtu Oman. Hela inaingia kwenye simu ya mama, halafu linakuja swali: serikali inaweza kuikata kodi?

Tuanze na mama. Pesa ya matumizi anayotumiwa na mwanawe si mshahara, si faida ya biashara, wala si pato la uwekezaji. Kwa hiyo kodi ya mapato haimhusu. Anayehusika ni aliyeitolea jasho.

Hapo ndipo pana mtego. Kifungu cha 66 cha Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004 kinasema mwenye makazi ya kudumu nchini, akikanyaga hapa hata sehemu tu ya mwaka, ni mkaazi. Na mkaazi anatozwa kodi kwa mapato yake ya dunia nzima.

Chukua dada aliyejenga nyumba yake Pongwe. Anafanya kazi za ndani Maskati, analipwa sawa na shilingi 600,000 kwa mwezi, na kila Ramadhani anakuja wiki tatu. Kwa viwango vyetu, mshahara huo unadaiwa 36,000 kila mwezi, yaani 432,000 kwa mwaka!

Watatuambia nafuu ipo. Ni kweli, sheria inaruhusu kodi uliyolipa nje ipunguzwe kwenye ya hapa. Angelipa 20,000 huko, hapa angebakiwa na 16,000. Angelipa 50,000, hapa angedaiwa sifuri, ila ile ziada Tanzania haimrejeshei. Lakini Oman haimkati kodi ya mapato. Hata ile inayoanza huko 2028 ni ya wanaozidi rial 42,000 kwa mwaka. Sasa sifuri utaipunguza kwenye nini? Nafuu hii inamfaa aliyekwishakatwa. Dada yetu anabaki na deni lote.

Njia ya pili, ambayo nchi nyingi zinaitumia, ni msamaha: mshahara wa nje unaachwa kabisa.

Na tusisahau tozo ya miamala. Julai 2021 serikali hii ya CCM iliweka tozo iliyofika hadi 10,000 kwa muamala mmoja wa simu. Haikuuliza kama hela ilishakatwa kodi kwingine. Na kwa kuwa tozo si kodi ya mapato, hakuna nafuu ya kuidai popote. Aliyekatwa kodi ugenini alikatwa tena hapa. Kelele za wananchi ndo zilifanya ipunguzwe, na 2023 ile ya kutuma ikafutwa.

Msituambie eti kifungu cha 66 hakitumiki kwa wafanyakazi wa ndani. Sheria iliyolala huamshwa siku hazina ikikauka. Tunataka Bunge liandike wazi: mshahara wa Mtanzania aliyefanya kazi nje siku 183 au zaidi kwa mwaka usamehewe kodi, awe na nyumba Pongwe au asiwe nayo.